UZI: Mmisri wa kale alipofika hukumuni shahidi aliyemtia hofu zaidi alikuwa moyo wake mwenyewe

Msomamafunjo
Wakuu habari za jioni. Hii mada nimeikalia muda mrefu leo nimeona niimwage hapa tuijadili taratibu.

Wengi tumeiona ile picha ya Misri ya kale, mizani kubwa katikati, kitanga kimoja kina moyo wa marehemu na kingine kina unyoya, pembeni kuna mtu mwenye kichwa cha mbweha. Inapita sana mitandaoni na maelezo yake ni mstari mmoja tu, "moyo ukiwa mzito unaliwa". Mimi nataka tuiangalie picha moja tu kwa karibu, ile ya Ani, maana ndani yake kuna jambo ambalo watu wanalipita.

Ani alikuwa karani wa kifalme, kazi yake kuandika hesabu za sadaka za miungu, aliishi kama miaka 1250 kabla ya Kristo. Alizikwa na gombo la mafunjo lenye urefu wa karibu mita 24, likanunuliwa Misri mwaka 1888 kwa ajili ya Makumbusho ya Uingereza, London, na huko likakatwa vipande 37. Kwenye picha ya hukumu Ani anaingia upande wa kushoto ameinama, nyuma yake mkewe Tutu naye ameinama. Mbele yao mizani. Anubis, yule mungu mwenye kichwa cha mbweha, amepiga goti anaikagua. Nyuma ya Anubis amesimama Thoth, karani wa miungu, kashika kalamu ya mwanzi tayari kuandika. Na nyuma ya Thoth amekaa Ammit, yule Mlaji, kichwa cha mamba, kifua cha simba, nyuma kiboko. Sisi wa huku tunawajua hao watatu vizuri, ni wale wale wanaomaliza watu mtoni na porini.

Sasa hapo ndipo penyewe. Ani anasema maneno, na haongei na Osiris mfalme wa wafu, haongei na Thoth, anaongea na moyo wake. Kwa Kiswahili ni kama hivi: "Ewe moyo wangu wa mama yangu, ewe moyo wangu wa mama yangu, usisimame kunishuhudia, usinipinge barazani, usielemee upande mwingine mbele ya mlinzi wa mizani".

Anaubembeleza. Yaani mtu kafika mbele ya miungu, dude lenye mdomo wa mamba linamsubiri, na anayemtia wasiwasi ni moyo wake mwenyewe usije ukamsemea. Kwao moyo ndio uliokuwa unafikiri na kukumbuka. Wakati wa kutengeneza maiti ubongo walikuwa wanautoa na kuutupa, mapafu, ini, tumbo na utumbo vinawekwa kwenye mitungi, moyo kanuni ilikuwa ubaki kifuani (ingawa skana zimeonyesha maiti nyingi zisizo na moyo, kwahiyo kanuni na kazi ya fundi ni vitu viwili). Moyo ulikuwepo siku zote ulipotenda, usiku na mchana, huwezi kuudanganya.

Swali langu kwenu: hukumu ambayo mshtakiwa anaruhusiwa kumuomba shahidi asimkandamize, ni hukumu kweli?

Kachero77
Mkuu umeandika vizuri ila mbona unazunguka, hii inajulikana, moyo wa mtu mwema unakuwa mwepesi kuliko unyoya, wa mtu mbaya unakuwa mzito kwasababu ya dhambi. Ukiwa mwepesi unapaa unaenda peponi. Halafu hao jamaa walikuwa na Biblia yao inaitwa Kitabu cha Wafu na humo kuna amri 42, Musa akachukua kumi. Ukishajua hivyo huna haja ya kuhangaika na maneno ya Ani.

Msomamafunjo
Kachero nusu umepata nusu hapana, ngoja tuende nayo.

Ukiangalia picha yenyewe ya Ani, boriti ya mizani imelala sawa. Haijapanda wala haijashuka. Kinachotafutwa ni ulingano. Ule unyoya ni alama ya Maat, na Maat ni kweli, haki, mambo kukaa mahali pake. Kwahiyo moyo unapimwa kama jiwe la dukani linavyopimwa dhidi ya jiwe la serikali, unatakiwa ulingane nalo basi. Hiyo habari ya moyo mwepesi kupaa ni ya kwetu watu wa sasa tunaona unyoya tunafikiria wepesi.

Na hicho kitabu hakikuwa kitabu kimoja kama Biblia. Ni maneno mengi mengi ya kusindikiza marehemu, kila mtu anachaguliwa yake kulingana na uwezo. Wenyewe waliyaita maneno ya kutoka mchana. Jina Kitabu cha Wafu limeshikwa kutokana na Mjerumani Lepsius aliyechapisha gombo moja mwaka 1842 akayapa maneno namba, ndio maana leo tunasema neno la 125, neno la 30 na kadhalika.

Amri 42 nazo si amri. Hakuna anayeambiwa usiibe. Ni marehemu mwenyewe anasema sikuiba, sikuua, sikusema uongo, kila moja anamwambia mungu mmoja kati ya 42 waliokaa ukumbini, na kila mungu lazima amtaje kwa jina lake na anakotoka. Kuna mmoja anaitwa Mvunja-mifupa, mwingine Mla-vivuli. Hebu fikiria usimame umwambie Mvunja-mifupa kwamba hujawahi kusema uongo.

BintiLindi
Naombeni niulize kwanza, humo kwenye hizo 42 kuna habari ya mizani ya sokoni?

Msomamafunjo
Ipo dada, tena sana. Iko kwenye neno hilo hilo la 125 ila sehemu ya kwanza, kabla hajaanza kuwaita wale 42. Anasema sikuongeza wala kupunguza pishi, sikupunguza kipimo cha shamba, sikuongeza uzito kwenye jiwe la mizani, sikuchezea timazi ya mizani. Halafu zinafuata nyingine, sikupokonya maziwa midomoni mwa watoto, sikuzuia maji wakati wake.

BintiLindi
Basi hapo mmenigusa. Mimi nalima ufuta. Mwaka juzi alikuja mnunuzi mmoja kijijini na mzani wake wa kuning'iniza, mimi nyumbani nilikuwa nimeshapima kwa ndoo nikajua nina magunia yangu ya kilo ngapi ngapi, kufika kwake kila gunia limepungua kilo sita saba. Nikamwambia kaka huu mzani hauko sawa, akaniambia mama kama hutaki beba ufuta wako. Nikauza kwasababu mtoto alikuwa anarudishwa shule ada. Nikaja kugundua baadae, ukiutazama ule mzani ukiwa mtupu mshale haujakaa kwenye sifuri, uko nyuma kidogo. Kidogo tu. Kila nikikumbuka ule mshale nakosa raha.

Kwahiyo kama watu wa miaka elfu tatu nyuma waliona kuchezea mzani ni jambo la kumtaja mtu mbele ya Mungu mimi nimewaelewa kuliko nilivyotegemea. Na nina swali, huo mzani wa kwenye hukumu nani anaukagua? Maana ukiwa na hitilafu si unaliwa bure.

Msomamafunjo
BintiLindi pole sana kwa hilo. Na swali lako ndio swali la msingi kuliko la kwangu.

Nilisema juu kwamba Anubis kapiga goti. Anachofanya pale, ukikuza picha utaona, anashika ile timazi, kamba yenye jiwe dogo inayoning'inia katikati ya boriti, sawa na ile ya fundi mwashi. Ikining'inia wima boriti iko sawa. Kwahiyo kabla neno la hukumu halijatoka kuna mungu mzima kapiga magoti anahakikisha mzani hauna hitilafu, na marehemu anaona kwa macho yake. Juu kabisa ya nguzo amekaa nyani, ni Thoth huyo huyo kwa umbo lingine, anaangalia. Ule mshale wako uliorudi nyuma pale usingepita.

Na angalia hukumu inavyosomwa. Thoth anawaambia miungu kwamba moyo wa Ani umepimwa, roho yake imesimama kumshuhudia, hakuna ubaya uliopatikana. Kisha anataja mambo matatu tu: hakupunguza sadaka za mahekalu, hakuharibu kilichotengenezwa, hakuzunguka na maneno ya uongo alipokuwa duniani. La kwanza hilo ni hakupunguza sadaka. Na Ani kazi yake ilikuwa nini? Karani wa hesabu za sadaka. Maneno haya hayakutungwa kwa ajili yake peke yake, lakini yakimfikia yeye yanakaa kama yamepimwa mwilini mwake. Anaulizwa kitabu chake cha hesabu.

Ustadh_wa_Pwani
Assalaam alaykum wapendwa. Nimefuatilia kimya kimya. Sisi Waislamu mizani tunaiamini, Suratul Qaaria inasema yule ambaye mizani yake itakuwa nzito atakuwa katika maisha ya kuridhisha, na ambaye itakuwa nyepesi makao yake ni Hawiya. Angalieni hapo, kwetu uzito ndio uzuri maana kinachopimwa ni amali njema. Kwahiyo watu wasichanganye wakasema ni kitu kile kile.

Lakini hili la moyo kushuhudia limenishtua kidogo. Katika Yasin aya ya 65 vinywa vinazibwa, mikono inasema na miguu inashuhudia. Yaani mtu anashuhudiwa na kiungo chake mwenyewe. Tofauti niionayo ni kwamba pale hakuna wa kuibembeleza mikono ikae kimya. Huyu Ani yeye ana maneno ya kuunyamazisha moyo. Hapo ndugu mwandishi mimi nasema hiyo si hukumu ya haki, ni uchawi umevalishwa nguo za haki. Samahani kama nitamuudhi mtu.

Msomamafunjo
Waalaykum salaam Ustadh, hujamuudhi mtu, umeligonga pale pale.

Na hoja yako ina nguvu zaidi ya ulivyoisema. Maneno yale hayakuwa ya kutamkwa tu. Yalichongwa chini ya sanamu ya mdudu, yule mdudu anayeviringisha mavi ya ng'ombe, kwa jiwe la kijani, maelekezo yanataka lizungushiwe dhahabu, na linawekwa juu ya kifua cha maiti. Hirizi kabisa. Na magombo yenyewe mengine yaliandikwa mapema nafasi ya jina ikaachwa wazi, mnunuzi akipatikana wanajaza. Hata kwenye gombo la Ani kuna sehemu jina lake limeongezwa na mkono mwingine. Kwahiyo mtu ananunua gombo ambalo tayari limeandika kwamba ameshinda. Na katika magombo hayo sijawahi kuona hata moja ambapo Ammit anamla mwenye gombo. Anasubiri tu, kila mara.

Kachero77
Sasa si ndio nimesema. Hela yako tu. Tajiri anapita maskini asiye na gombo analiwa.

MzigoMzito
Wakuu samahani naomba msaada wa haraka. Nina kesi ya kiwanja wiki ijayo na shahidi upande wa pili ni mjomba wangu kabisa, anajua ukweli ila ameshageuzwa. Hayo maneno ya kumfanya shahidi asiseme vibaya yanaandikwaje kamili? Na hilo jiwe la kijani linapatikana wapi, kuna mtu ameniambia Kariakoo wapo wanaouza. Nipo tayari hata kwa gharama.

Msomamafunjo
Ndugu yangu MzigoMzito pole kwa kesi. Maneno yale hayakuhusu mtu mwingine hata siku moja, ni mtu na moyo wake, tena akiwa ameshakufa. Hayana kazi kwa mjomba. Usitoe hela kwa mtu anayekuuzia jiwe. Tafuta karatasi zako za mauziano, majirani waliokuwepo siku ya kupimwa mipaka, na mtu wa sheria hata wale wa msaada wa bure.

BintiLindi
MzigoMzito na mjomba mfuate kabla ya kesi, nenda na mtu mzima wa ukoo. Mtu anayejua ukweli moyoni anakuwa hajalala vizuri huyo.

Msomamafunjo
Narudi kwa Ustadh na Kachero maana sijamaliza.

Hayo maneno kwa moyo yana mstari mwingine mbele ambao wengi hawaufikishi. Baada ya usinipinge anaendelea, usilifanye jina langu linuke, usiseme uongo juu yangu mbele ya mungu. Usiseme UONGO. Hapo sasa inabadilika. Kumbe hofu inaweza kuwa kwamba moyo utasema yasiyo kweli, kwamba mtu akifika pale kwa woga moyo unayumba unamkana mwenyewe. Mimi nimewahi kuona mtu hana hatia anaulizwa na askari anatetemeka mpaka anaonekana mwizi. Kwahiyo wapo wanaosoma maneno yale kama kuziba mdomo wa shahidi, na wapo wanaosoma kama kumuomba shahidi asitetereke. Maandishi yanabeba yote mawili, mimi binafsi naelemea la pili ila siwezi kuapa.

Na Kachero hilo la tajiri, Wamisri wenyewe waliliona. Kuna mafundisho ya zamani kuliko gombo la Ani, mfalme anamwambia mwanae Merikare kuhusu baraza linalohukumu: usitegemee wingi wa miaka, wao wanauona umri wa mtu kama saa moja, mtu anabaki baada ya kufa na matendo yake yamerundikwa kando yake. Hakuna hirizi, hakuna gombo, kuna rundo tu pembeni yako.

Halafu kuna hadithi ya baadae sana, wakati Misri iko chini ya Warumi, imeandikwa upande wa nyuma wa nyaraka za Kigiriki. Setne, mwana wa farao, na mwanae mdogo Si-Osire wanaona maziko mawili siku moja. Tajiri anapelekwa makaburini Memfisi na vilio na vitu vya thamani, maskini anatolewa amefungwa kwenye mkeka hana hata mtu wa kumsindikiza. Setne anasema heri huyu tajiri. Mtoto anamwambia baba, nikuombee upate ya yule maskini. Setne anaumia sana kusikia hivyo kwa mwanae. Kisha mtoto anamshusha kuzimu akaone mwenyewe. Mlangoni kuna mtu anapiga kelele, egemeo la mlango limekaa kwenye jicho lake la kulia, kila mlango ukifunguliwa linazunguka humo. Ni yule tajiri. Na karibu na Osiris kuna mtu amevaa kitani safi, yule wa mkeka, vitu vilivyozikwa na tajiri amepewa yeye.

Ustadh hapa ndipo utapenda, kwenye hadithi hiyo mizani haina tena unyoya. Wanapima mabaya dhidi ya mema. Mabaya yakizidi mtu anapewa Mlaji, mema yakizidi anaingia kwa miungu, yakilingana anawekwa na mizimu inayomtumikia Osiris. Miaka elfu na zaidi imepita tangu Ani na mizani imebadilika kazi.

Ustadh_wa_Pwani
SubhanAllah, hadi waliolingana wana mahali pao. Hilo la maskini na mkeka nimelipokea. Lakini la hirizi bado sijakubali. Mtu aliyeandikiwa "nimeshinda" kabla hajafa anawezaje kuogopa?

Mjukuu_wa_Ujiji
Mimi si msomi wa hayo ila nitoe langu. Tulipomzika babu, kabla ya kushusha mwili mzee mmoja alisimama akasema kama kuna mtu anamdai marehemu ajitokeze tumlipe, au amsamehe. Akatoka muuza samaki akasema alikuwa anamdai, akataja hela ndogo tu, baba akalipa pale pale. Babu alikuwa mtu mwema tunajua wote na bado tuliuliza. Kwahiyo Ustadh kuogopa kunakuwepo hata kama una uhakika.

Kachero77
Mjukuu hapo umenishika. Sasa Msomamafunjo, wanawake je? Tutu kasimama tu nyuma ya mume, moyo wake nani kaupima?

Msomamafunjo
Swali zuri. Kwenye gombo la Ani moyo uliopo kitangani ni wa Ani tu. Lakini wanawake walikuwa na magombo yao. Tafuteni la Nany, mwimbaji wa mungu Amun, miaka kama 1050 kabla ya Kristo, liko Makumbusho ya Metropolitan kule New York. Hapo kasimama yeye mbele ya mizani na nyuma yake mungu wa kike Isis. Kitangani badala ya unyoya kuna sanamu ndogo ya Maat. Na mkononi Nany kashika vitu vidogo, ukikuza ni macho yake na mdomo wake. Kavibeba hajarudishiwa bado. Anubis yuko kwenye mizani, Osiris anaamuru: mpeni macho yake na mdomo wake, maana moyo wake ni shahidi wa kweli.

BintiLindi
Ngoja. Kwahiyo mdomo wake ulikuwa mkononi muda wote huo, hakusema kitu, moyo ndio uliosema?

Msomamafunjo
Kwa jinsi picha ilivyo, ndiyo.

Ustadh_wa_Pwani
Basi hiyo ya Nany iko karibu na Yasin kuliko ya Ani. Nitaitafuta hiyo picha baada ya Isha.

Kachero77
Ila hamjanijibu, dini moja, Ani anauomba moyo usiseme na Nany anausubiri useme. Nani kati yao alikuwa anaelewa vizuri?